Mfadhili Akipunguza Asilimia 20: Tunakata Wapi, na Tunaandika Nini

Haya ni mazungumzo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa wanakamati wa miradi, wazee na wakaazi mjini Garissa. Yamechapishwa hapa kwa faida ya wakaazi wote wa kaunti.



Nimeombwa nizungumze kuhusu jambo ambalo wengi wenu mmelisikia mkiwa nje ya ofisi, likiwa tayari limeshaamuliwa. Mradi ulipangwa, mkaambiwa kiasi cha fedha, mkaonyeshwa mahali pa kazi. Kisha inakuja habari kwamba mfadhili amepunguza fedha kwa asilimia 20, na vitu vilivyoahidiwa vinaanza kutoweka kimoja kimoja. Mwananchi anabaki akiuliza: nani aliamua hiki kitoke na kile kibaki, na kwa sababu gani?

Jambo hili si geni kwetu. Novemba 2013, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza mgao wa chakula kwa asilimia 20 katika kambi za Dadaab na Kakuma kwa sababu fedha hazikutosha. Juni 2015 mgao ulikatwa tena, mara hiyo kwa asilimia 30. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisitisha misaada yake ya nje kwa siku 90 ili kuipitia upya, na miradi mingi nchini ikasimama. Mwaka huo huo mgao wa kambini ulishuka zaidi, na wakimbizi wakaanza kupangwa kwa makundi kulingana na uhitaji wa kila familia.

Chakula kinaweza kukatwa sawa kwa wote. Kila mtu akipunguziwa kikombe kimoja kati ya vitano, njaa inaongezeka lakini kila mtu amepata kitu. Mradi wa maji hauko hivyo. Ukikata asilimia 20 ya kina cha kisima, huenda usifikie maji kabisa. Ukikata asilimia 20 ya pampu, huna pampu. Kwa hiyo kosa la kwanza linalofanyika ofisini ni kuchukua kikokotoo na kupunguza kila mstari wa bajeti kwa kiwango kimoja. Inaonekana ni haki, na inamaliza mjadala haraka, lakini mwisho wake ni mradi ambao kila kitu kipo na hakuna kinachofanya kazi.

Asilimia 20 huwa zaidi ya asilimia 20

Ili tuelewane, nitatumia mfano. Huu ni mfano wa kufundishia tu, msiutafute katika kaunti ndogo yoyote. Tuseme kuna mradi wa maji wa shilingi milioni 30 kwa kituo kimoja cha mashambani. Kisima kirefu na upimaji wake ni milioni 7. Pampu na paneli za sola ni milioni 6.5. Tangi na mnara wake ni milioni 4. Bomba la kilomita 5 ni milioni 6. Vioski vitatu vya maji ni milioni 1.5, na hori mbili za kunyweshea mifugo ni milioni 1. Ua pamoja na kibanda cha mlinzi ni milioni 1.2. Mafunzo ya kamati ya maji na vipuri vya mwanzo ni laki 8. Usimamizi na safari za ukaguzi ni milioni 1.2, na akiba ya dharura ni laki 8.

Barua inafika: milioni 30 zimekuwa milioni 24. Zinatakiwa kutoka milioni 6. Lakini tuangalie siku ambayo barua imefika. Kisima kimeshachimbwa na kulipiwa. Mkataba wa pampu na sola umeshatiwa sahihi. Hizo ni milioni 13.5 ambazo haziguswi tena. Zilizobaki mezani ni milioni 16.5 peke yake, na milioni 6 zote lazima zitoke humo. Hiyo ni zaidi ya thuluthi moja ya kile kilichobaki.

Ndiyo maana kazi ya kwanza huwa ni kugawa bajeti katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni fedha zilizokwisha kutumika. La pili ni fedha ambazo bado ziko benki lakini zimefungwa na mkataba au agizo la ununuzi. La tatu ni fedha huru. Fungu la pili ndilo huleta matatizo. Ofisa akitazama taarifa ya benki tu, ataona fedha na kudhani zinaweza kukatwa. Mwezi mmoja baadaye mkandarasi analeta hati ya kazi aliyoifanya, na deni hilo linaingia katika orodha ya malimbikizo ya kaunti. Kwa hiyo kabla ya kukata chochote, ulizeni orodha ya mikataba iliyotiwa sahihi, pamoja na taarifa ya benki.

Kuna jambo la pili la kuhakikisha kwenye barua: je, mfadhili amepunguza kweli, au ni bei ya sarafu iliyobadilika? Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160, na ndani ya miezi michache ikashuka hadi karibu 130. Mradi uliopangwa kwa dola ulipoteza karibu sehemu moja ya tano ya shilingi zake ingawa mfadhili hakupunguza hata senti. Ni muhimu kujua, kwa sababu majibu ni tofauti. Bei ya sarafu inaweza kurudi, na vifaa vinavyoagizwa kutoka nje, kama paneli, huenda vikawa nafuu kwa shilingi. Uamuzi wa mfadhili haurudi hivyo.

Swali la kuuliza kila mstari

Tukishajua fedha huru ni kiasi gani, tunapitia mstari mmoja baada ya mwingine na kuuliza swali moja: hiki kikitoka, ni nini kitasimama? Kama jibu ni kwamba maji hayatatoka, mstari huo haukatwi. Kama jibu ni kwamba maji yatatoka lakini watu fulani watatembea zaidi, mstari huo unaweza kukatwa, mradi watu hao wajulikane na waambiwe.

Turudi kwenye mfano wetu. Bomba la kilomita 5 linapita zahanati, kisha shule kwenye kilomita ya tatu, kisha linaendelea hadi maboma ya mwisho. Kila kilomita ni shilingi milioni 1.2. Likisimama shuleni tunaokoa milioni 2.4. Kioski cha tatu kilikuwa kwenye ncha ya bomba hilo, kwa hiyo nacho kinatoka, laki 5. Kukata bomba na kuacha kioski kwenye bajeti lingekuwa kosa la wazi, lakini hutokea pale ambapo mistari inakatwa na watu wawili wasiozungumza.

Mnara wa tangi ulipangwa kuwa mrefu ili kusukuma maji hadi mwisho wa kilomita 5. Bomba limefupishwa, kwa hiyo mhandisi anaweza kupima upya na kuona kama mnara mfupi unatosha. Katika mfano wetu unatosha, na tunaokoa milioni 1. Angalieni jinsi uamuzi mmoja unavyogusa mwingine. Siku fedha zikirudi na tukataka kuongeza kilomita mbili, mnara mfupi utaweza kusukuma maji hadi huko? Kama ardhi inateremka kuelekea laga, ndiyo. Kama inapanda, hapana, na hapo mnara haufai kukatwa. Uamuzi huu ni wa mhandisi aliyepima ardhi, na sahihi yake lazima iwepo.

Tangi lenyewe halipunguzwi ukubwa, ingawa linavutia kukatwa. Pampu ya sola inafanya kazi mchana tu. Maji ya alfajiri, wakati akina mama wanapokuja na mitungi na ngamia wanapofika kutoka malishoni, yanatoka kwenye tangi lililojaa jana yake. Tangi dogo kwenye kisima cha sola ni foleni ndefu asubuhi, na foleni ndefu katika msimu wa kiangazi ni ugomvi.

Ua unabaki, lakini unazunguka kisima na paneli tu, na kibanda cha mlinzi kinatoka. Laki 7. Safari za ukaguzi za idara mbili zinaunganishwa katika gari moja, laki 4. Akiba ya dharura inapunguzwa kwa laki 5. Hapa iko sababu nzuri: hatari kubwa katika mradi wa maji ni kuchimba na kukosa maji, na hatari hiyo imeshapita kwa kuwa kisima kimechimbwa na kupimwa. Kama barua ingefika kabla ya kuchimba, akiba ingekuwa kitu cha mwisho kuguswa.

Mpaka hapa tumepata milioni 5.5. Zinabaki laki 5, na hapa ndipo mjadala unakuwa mgumu. Kuna mawili mezani. La kwanza ni kuondoa hori moja ya mifugo. La pili ni kuondoa mafunzo ya kamati ya maji. Katika vikao vingi mafunzo ndiyo hukatwa, kwa sababu hayaonekani. Hakuna kiongozi atakayeulizwa kwenye baraza iko wapi semina, lakini ataulizwa iko wapi hori.

Sasa tuulize swali letu: hiki kikitoka, ni nini kitasimama? Hori moja ikitoka, mifugo yote itakunywa mahali pamoja, mbuzi watasubiri ngamia, na wengine watasogea kwenye kioski cha watu na kuchafua maji. Mafunzo yakitoka, hakuna anayejua kuweka daftari la mapato ya maji, hakuna fedha za vipuri, na siku kifaa kidogo cha pampu kitakapoharibika, kisima chote kitasimama mpaka gari litoke Garissa mjini. Hapo tutarudi kwenye boza, na kila mmoja wenu anajua maji ya boza yanagharimu kiasi gani.

Katika mfano huu njia ya tatu ilikuwepo. Jamii ilikubali kuleta mchanga, kokoto na nguvukazi, na hori zote mbili zikajengwa kwa laki 5 badala ya milioni 1. Mafunzo yakabaki. Lakini tahadhari: mchango wa jamii ni fedha kama fedha nyingine. Usipoandikwa nani analeta nini na kufikia tarehe gani, utakuwa pengo lililofichwa kwenye bajeti. Na usiombwe kwa watu waliotoka kupoteza mifugo kwa ukame, kwa sababu watakubali kwenye kikao na hawataweza kutimiza.

Mali bila daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kukata bila daftari ni vivyo hivyo. Fedha hazijaibwa, lakini baada ya mwaka mmoja hakuna anayekumbuka kwa nini kilomita mbili za bomba hazipo, na kila mtu ana hadithi yake. Wa ukoo huu watasema ukoo ule ulipendelewa. Mkaguzi wa hesabu akija, ataona ahadi ya vioski vitatu na vioski viwili ardhini, na atauliza kimoja kimeenda wapi.

Daftari la mabadiliko halihitaji mtaalamu. Kwa kila mstari uliobadilika, andika mambo sita: kiasi cha zamani, kiasi kipya, sababu, nani ataathirika, nani aliamua na tarehe gani, na kitu hicho kitarudi lini au kwa sharti gani. Andikeni pia mistari iliyojadiliwa na kuachwa bila kuguswa, kama mafunzo yale, na sababu ya kuiacha. Mtu atakayekuja baadaye akitafuta pa kukata tena ataanzia hapo.

Sababu yenyewe ndiyo hushinda wengi. Mara nyingi utakuta imeandikwa: "Imepunguzwa kutokana na upungufu wa fedha." Hiyo si sababu. Upungufu wa fedha ndio uliotuleta mezani. Haujaeleza kwa nini bomba na si ua. Sababu inayosaidia inasomeka hivi: "Bomba limesimama shuleni, kilomita 3, kwa sababu zahanati na shule zinapata maji na maboma ya mwisho yanaweza kufika kioski cha pili kwa kutembea kilomita 2. Maboma hayo yamejulishwa kwenye baraza. Fedha zikipatikana, hii ndiyo kazi ya kwanza kurudi." Aliyeko kwenye boma la mwisho hatafurahi akisoma maneno hayo. Lakini ataona kwamba alihesabiwa, na atajua yuko wa kwanza kwenye foleni.

Njia ya kupima sababu ni rahisi. Mpe mtu ambaye hakuwa kwenye kikao aisome. Kama anaweza kukueleza kwa nini kile kilikatwa na hiki kikaachwa, imeandikwa vizuri. Kama maneno hayo hayo yanaweza kubandikwa kwenye mstari mwingine wowote, andika upya.

Na daftari liandikwe siku ya kikao. Sababu inayoandikwa baada ya mkaguzi kuuliza huwa ni utetezi.

Karatasi inapitia wapi

Kamati ikishakubaliana, mabadiliko hayaanzi kesho yake. Kwanza mfadhili lazima akubali kwa maandishi. Mikataba mingi ya ufadhili inataja fedha hizi ni za kitu gani, na ukihamisha kutoka mstari mmoja kwenda mwingine bila barua yake ya kutokuwa na pingamizi, anaweza kudai arudishiwe.

Pili, kama fedha zinapita kwenye hazina ya kaunti, kuna Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012. Kifungu cha 154 kinamruhusu afisa mkuu wa idara kuhamisha fedha kati ya programu, kwa idhini ya hazina ya kaunti, lakini jumla isizidi asilimia 10 ya matumizi yaliyoidhinishwa kwa programu hiyo katika mwaka. Kifungu hicho hicho kinakataza fedha za maendeleo kuhamishwa kwenda matumizi ya kawaida. Kwa hiyo fedha za bomba haziwezi kugeuzwa kuwa marupurupu ya safari, hata kama kila mtu kwenye kikao amekubali. Mabadiliko makubwa zaidi yanapelekwa kwenye bunge la kaunti kama bajeti ya ziada. Jina hilo huwachanganya watu. Bajeti ya ziada inaweza kuongeza na inaweza pia kupunguza.

Hapo ndipo sauti yenu inaingia. Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 137, imeunda Jukwaa la Bajeti na Uchumi la Kaunti, ambamo wawakilishi wa akina mama, watu wenye ulemavu, wazee, wafanyabiashara na makundi ya kidini wanakaa pamoja na serikali kuzungumza juu ya mipango na bajeti. Na mwakilishi wadi wenu ndiye atakayepiga kura. Mpeni daftari la mabadiliko kabla ya siku hiyo, si baada yake.

Kuna fedha nyingine ambazo hazipitii kwetu kabisa. Mfadhili anazipeleka moja kwa moja kwa shirika lisilo la serikali, na bunge la kaunti halizipigii kura. Hilo halizuii shirika hilo kuwaeleza waliokatiwa. Kamati ya mradi ina haki ya kuomba daftari lile lile, lenye mambo yale yale sita.

Karatasi tatu za kuomba

Mkisikia mradi wenu umepunguziwa fedha, ombeni karatasi tatu: barua ya mfadhili, orodha ya mikataba iliyokwisha kutiwa sahihi, na daftari la mabadiliko lenye sababu. Ya kwanza itawaonyesha kiasi kilichokatwa. Ya pili itawaonyesha kata hiyo inaangukia wapi hasa. Ya tatu itawaonyesha nani aliamua nini. Kwa ofisi za umma, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inataka ombi la maandishi lijibiwe ndani ya siku 21. Anayeshindwa kuandika anaweza kuomba kwa mdomo, na afisa ndiye atakayemwandikia ombi lake.

Baada ya hapo rudini na karatasi hizo kwenye eneo la mradi na kuhesabu. Bomba liishie pale daftari lilipoandika liishie. Vioski viwe viwili kama ilivyoandikwa, si kimoja. Kama kilichoko ardhini ni kidogo kuliko kilichoko kwenye daftari jipya, basi kuna kata ya pili ambayo hakuna aliyeiamua kwenye kikao, na hiyo ndiyo ya kuletewa ofisi ya kaunti, mkaguzi na mwakilishi wenu.

Nitaishia hapo ili tupate muda wa maswali. Anayetaka kuanza, naomba ataje kwanza wadi yake na mradi anaoulizia.